Uzi: Kupini folda za kazi upande wa kushoto ili mtu mgeni wa kompyuta azifikie kwa mbofyo mmoja

#1 FundiWaMoro

Wakuu, habari za majukumu.

Uzi huu ni wa wote tunaopigiwa simu na mama, shangazi au karani wa ofisi akisema "faili langu limepotea". Mimi nahudumia kompyuta za ofisi ndogo, nyingi ni shule na steshenari, na hilo ndilo lalamiko ninalolisikia kuliko virusi na printa kwa pamoja. Ukifika, faili lipo salama kabisa. Ila liko ndani ya folda iliyo ndani ya folda nyingine, na njia aliyopita jana leo haikumbuki. Anaanza kufungua moja moja mpaka anakata tamaa, kisha anaandika barua upya.

Dawa yake ipo ndani ya Windows yenyewe, haina gharama, na haihitaji intaneti. Nitaeleza kwa mfano wa ofisi moja ya shule ya sekondari niliyoipanga, ili tusiongee hewani. Kompyuta yao ina Windows 10.

Kwanza sikugusa kompyuta. Nilikaa na katibu muhtasi nikamwuliza kwa siku ya kawaida anagusa nini. Majibu yalikuwa manne: barua za mkuu wa shule, mitihani, orodha ya ada, na karatasi anazoskani. Zile tatu za kwanza zilikuwa Documents, lakini kila moja kwenye kina chake. Zilizoskaniwa zilikuwa Pictures, ndani ya folda inayoitwa Scans, kwa sababu programu ya Scan ya Windows huzipeleka huko yenyewe bila kumwuliza mtu. Yeye alikuwa akizitafuta Documents.

Kupini ni hivi: fungua File Explorer kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na E, nenda hadi uione folda unayoitaka bila kuingia ndani yake, bofya kitufe cha kulia cha mausi juu yake, chagua `Pin to Quick access`. Itatokea kushoto juu, chini ya maneno Quick access, ikiwa na alama ndogo ya pini pembeni. Kuanzia hapo ukiibofya mara moja tu upande ule wa kushoto, inafunguka.

Nikapini zile nne. Halafu nikatoa zile ambazo Windows imeziweka yenyewe na yeye hazitumii, kwa kubofya kulia na kuchagua `Unpin from Quick access`. Downloads niliiacha, maana viambatanisho vya barua pepe na vya WhatsApp ya kompyuta vinaangukia humo.

Sasa sehemu ambayo mafundi wengi wanaiacha, na ndiyo iliyonifanya niandike. Ukiishia hapo, baada ya siku chache mhusika atakwambia "folda zangu zimehama". Hazijahama. Windows 10 ina tabia ya kuongeza pale pale, chini ya zilizopiniwa, folda zozote ulizozifungua mara nyingi siku za karibuni. Hizo hazina alama ya pini. Zinakuja na kuondoka zenyewe. Leo kuna Picha za Mahafali, kesho haipo, keshokutwa imekuja nyingine. Mtu mzoefu wala haoni. Mtu mgeni hasomi majina, anakumbuka mahali: "ya tatu kutoka juu". Orodha ikicheza, kumbukumbu yake yote imekufa, na anarudi kuogopa kompyuta.

Kwa hiyo zima hiyo tabia. Kwenye File Explorer bofya `View`, kisha `Options` mwisho wa kulia. Kwenye ukurasa wa General, chini kabisa pameandikwa Privacy. Ondoa tiki kwenye `Show frequently used folders in Quick access`. Bofya OK. Sasa orodha ya kushoto ina zile ulizoziweka wewe tu, na haisogei.

Kuna na jambo la pili linalosogeza vitu. Bofya kulia sehemu tupu ya upande huo wa kushoto, uangalie kama `Expand to open folder` ina tiki. Ikiwa nayo, kila anapoingia kwenye folda, ule mti wa folda unajifungua na kuteremka kuifuata, na orodha yake ya juu inapotea machoni. Iondoe tiki.

Mwisho zipange kwa kuziburuta juu na chini, ile anayoianza asubuhi ikae juu. Zisizidi tano au sita. Ukiweka kumi na tano umemrudisha kule kule kwenye kutafuta.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.

#2 Mama Wawili

Asante sana kaka, umenisaidia. Lakini mimi ya kwangu ni Windows 11 na sioni hayo maneno Quick access kushoto. Naona Home, halafu Gallery, halafu OneDrive. Na View nikibofya inaleta mambo ya ukubwa wa picha, hakuna Options.

#3 FundiWaMoro

Dada, uko sahihi, Windows 11 imepanga tofauti kidogo. Kichwa cha Quick access kimeondolewa upande wa kushoto, lakini zile folda zilizopiniwa zipo, zinakaa katikati, chini ya Home na wenzake na juu ya This PC. Ukibofya Home utaona hizo hizo tena kwenye uwanja mkubwa wa kulia, na huko ndiko neno Quick access bado linaonekana.

Options iko kwenye vidoti vitatu juu, mstari mmoja na View. Bofya hivyo vidoti, chagua `Options`, na humo utaikuta `Show frequently used folders`. Kupini ni kule kule: bofya kulia, `Pin to Quick access`.

Angalizo moja: mfundishe mtu abofye upande wa kushoto, siyo ule uwanja mkubwa. Kushoto ni mbofyo mmoja. Kwenye uwanja mkubwa anahitaji kubofya mara mbili haraka haraka, na hapo ndipo wazee wengi wanapata tabu, mkono unatetemeka, mausi inasogea kati ya mbofyo wa kwanza na wa pili, folda haifunguki.

#4 Simba_wa_Kinondoni

Mkuu unazunguka sana. Weka shotikati Desktop, kazi imeisha. Bofya kulia, `Send to`, `Desktop`. Mama yangu anatumia hivyo na hana shida.

#5 FundiWaMoro

Mkuu, shotikati ya Desktop inafaa, siipingi, hasa kwa mtu anayefungua tu na kuangalia. Mama akitaka kuona picha za wajukuu, alama moja kubwa ya folda Desktop inamtosha.

Tatizo linakuja anapoanza kazi. Ameshafungua Word, dirisha limejaa skrini nzima, Desktop haionekani tena. Ameandika barua, sasa anataka kuisevu. Hapo ndipo mafaili mengi "yanapopotea", wakati wa kusevu, maana anabofya Save bila kuangalia inakwenda wapi. Sasa lile dirisha la kusevu nalo lina upande wa kushoto, na zile zile folda alizopini zimo humo. Anabofya Barua mara moja, anabofya Save, mwisho. Hivyo hivyo akifungua faili, akiambatanisha kwenye barua pepe, akipakia cheti kwenye tovuti ya maombi. Pini moja inamfuata kila mahali.

Kwa Word kuna kikwazo kidogo. Ukibofya Save kwa faili jipya, matoleo ya karibuni yanakuletea ukurasa wao wenyewe wenye OneDrive na vitu vingine, siyo dirisha la kawaida. Wafundishe kubonyeza `F12`. Inaleta dirisha la kawaida la Save As moja kwa moja, na folda zao ziko kushoto. Kwenye kompyuta mpakato nyingine inabidi kushika `Fn` pamoja na `F12`.

#6 Kitukuu

Hii ya F12 peke yake inatosha kulipa bando langu la leo. Barikiwa.

#7 Mzee wa Ujiji

Vijana, mimi natumia simu tu, Tecno. Nikipakua fomu za mkopo sizioni zinakwenda wapi. Nikibonyeza kwa muda mrefu sioni neno pin. Nifanyeje?

#8 FundiWaMoro

Shikamoo mzee. Uzi huu ni wa kompyuta, simu ina mpango wake. Kama una programu ya Files ya Google, ifungue, bofya Downloads, fomu yako itakuwemo. Ukibofya vidoti vitatu pembeni ya faili kuna neno la kuiongeza kwenye zile unazozipenda, ukiweka Kiingereza ni `Add to Starred` au `Add to Favorites` kutegemea toleo, na baadaye unaikuta kwenye sehemu yenye jina hilo hilo. Isipokuwepo hiyo programu kwenye simu yako, fungua uzi wake tukusaidie vizuri huko.

#9 Mzee wa Ujiji

Marahaba. Nimeiona fomu. Asante.

#10 Karani_Mwenge

Wakuu, nina kisa na sijui kama ni pini au ni kitu kingine. Nimefuata maelekezo, nikapini folda ya BARUA. Inafunguka vizuri kwa mbofyo mmoja. Lakini ndani yake naziona barua za mwaka jana tu. Za mwezi huu hazimo, na nakumbuka kabisa nimezisevu Documents, ndani ya BARUA. Nikienda Documents kwa kawaida naziona. Nikipitia pini sizioni. Nimechanganyikiwa.

#11 Kijana wa Steshenari

Hiyo ni virusi ya shotikati. Skani flashi zako zote.

#12 FundiWaMoro

Kijana, hapana. Virusi ya shotikati inazigeuza folda za kwenye flashi kuwa shotikati. Haiwezi kugawa barua kwa tarehe namna hiyo.

Karani, nina mashaka una BARUA mbili. Fanya hivi. Bofya ile pini, folda ikifunguka bofya sehemu tupu ya mstari wa anuani pale juu, mbele ya jina la folda. Itageuka kuwa njia kamili. Iandike hapa. Kisha nenda Documents unakoziona barua mpya, ingia BARUA, fanya vile vile, uiandike nayo. Jina lako la mtumiaji usiliweke.

#13 Karani_Mwenge

Kupitia pini:

`C:\Users\...\Documents\BARUA`

Kupitia Documents:

`C:\Users\...\OneDrive\Documents\BARUA`

#14 FundiWaMoro

Ndiyo hiyo. Wakati fulani OneDrive, ile hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, ilikuuliza, au ilimwuliza mwingine aliyekaa hapo, kama ihifadhi nakala za folda zako, mkabofya kukubali. Kuanzia siku hiyo Documents ya kompyuta yako ni ile iliyo ndani ya OneDrive, na kila unachosevu kinakwenda huko. Ile ya zamani ikabaki na BARUA yake ndani. Wewe ulipopini ulifikia ile ya zamani, labda kwa kupitia This PC, C:, Users.

Unachotakiwa kufanya: toa hiyo pini kwa `Unpin from Quick access`. Nenda kwenye BARUA mpya, uipini. Barua za mwaka jana zihamishe kutoka ile ya zamani ziingie kwenye mpya. Ikikuuliza kuhusu faili lenye jina lililokwishakuwepo, usikubali kufuta lolote, chagua kubakiza yote mawili. Hakikisha kwanza OneDrive ina nafasi, maana ile ya bure ni GB 5 tu, na skani za rangi zinaimaliza upesi.

Na wengine wote, kabla hujaipini folda, fungua anuani yake uone iko wapi hasa. Kule kushoto pini inaonyesha jina la mwisho tu la folda, haionyeshi njia nzima. Ndiyo maana BARUA mbili zinafanana kama pacha.

#15 Mwl_Geita

Hapo kwenye jina la mwisho ndipo nilipoumia mimi. Nina `Mitihani\2024\Kidato cha 1` na `Mitihani\2025\Kidato cha 1`. Nikapini zote mbili. Kushoto nikawa na "Kidato cha 1" na "Kidato cha 1". Alama za mwaka huu nikaziingiza kwenye folda ya mwaka jana.

Nilichofanya sasa, mwaka naubandika kwenye jina la folda yenyewe: `2025 Kidato 1`. Nimeuweka mbele makusudi, kwa sababu ule upande wa kushoto ni mwembamba na jina refu linakatwa mwishoni. Mwaka ukiwa mwisho ndio unaokatwa.

#16 FundiWaMoro

Mwalimu, hilo la kuweka mwaka mbele nalichukua. Nyongeza: ukibadilisha jina la folda iliyokwisha kupiniwa, itoe pini uipini upya, usiiache ikibebana na jina la zamani. Na Januari ikifika, pini ya mwaka uliopita itolewe. Watu wanaongeza tu, hawapunguzi.

#17 Dada wa Mikindani

Samahani naomba kuuliza, nikitoa pini, yaliyomo ndani yanafutika? Naogopa kubofya hiyo Unpin.

#18 FundiWaMoro

Hayafutiki, dada. Pini inaelekeza tu mahali folda ilipo. Ukiitoa, folda na kila kilichomo vinabaki pale pale vilipokuwa.

Kinachofuta ni `Delete`. Nimeona watu wanataka kuondoa folda kule kushoto, wanaikuta ile folda yenyewe Documents, wanabonyeza Delete. Hapo umefuta kweli, na kushoto pini inabaki ikiwa haina pa kwenda, ukiibofya inasema haioni. Likikutokea, fungua Recycle Bin, bofya kulia juu ya folda, `Restore`. Inarudi mahali pake na pini inafanya kazi tena. Ila kama folda ilikuwa kwenye flashi, Recycle Bin haitakuwa nayo, kwa hiyo flashini kuwa makini zaidi. Kanuni ya kumfundishia mtu: kushoto tunasoma neno Unpin, tusipoliona hatubofyi kitu.

#19 Simba_wa_Kinondoni

Mimi huwa naburuta tu. Shika folda, vuta mpaka kushoto, achia. Haraka kuliko kubofya kulia.

#20 FundiWaMoro

Kwa mkono wako na wangu ni haraka, mkuu. Kwa mgeni naikataza kabisa, na sababu ni hii. Unapoburuta, Windows inaandika maneno madogo karibu na mshale. Ukiwa juu ya maneno Quick access yanasema `Pin to Quick access`. Ukishuka kidogo ukawa juu ya folda iliyokwisha kupiniwa, tuseme Ada, maneno yanageuka kuwa `Move to Ada`. Ukiachia hapo hujapini. Umeitumbukiza folda nzima ya Mitihani ndani ya Ada. Kwenye Windows 11 ni rahisi zaidi kukosea, kwa sababu kichwa cha Quick access hakipo, unalenga uwazi mwembamba katikati ya folda mbili.

Mtu anainua macho, Mitihani haipo Documents, na kushoto haijatokea. Anapiga simu: imepotea. Hapo hapo, kabla hajafanya lolote jingine, abonyeze `Ctrl` na `Z` akiwa ndani ya File Explorer, itarudi. Kama ameshaendelea na kazi, tafuteni ndani ya zile zilizopiniwa, moja moja. Itakuwemo mojawapo.

#21 Simba_wa_Kinondoni

Nimekuelewa. Nikiwa na mama nitatumia kubofya kulia.

#22 Bandarini_Linux

Kwa wale wa maabara zenye Ubuntu au Linux Mint, jambo ni hilo hilo. Ingia ndani ya folda, bonyeza `Ctrl` na `D`, inakaa kushoto. Faida niliyoiona hapa Mombasa tukiwafunza akina mama wa kikundi ni kwamba orodha ile haijiongezi yenyewe. Folda unazozitumia sana haziingii pale bila kuitwa, kwa hiyo ule ugonjwa wa orodha kucheza hatuna. Kuziondoa, bofya kulia juu yake, chagua maneno yanayoanza na `Remove`. Lakini wale wenye Mac sijui mnafanyaje.

#23 Mama Wawili

Mac ya ofisini kwetu unaburuta folda hadi Favorites kushoto, na kuitoa ni kubofya kulia, `Remove from Sidebar`. Hiyo ndiyo ninayoijua.

#24 Kijana wa Steshenari

Fundi, hapa dukani wateja wanakuja na flashi, na bosi ana flashi yake ya kazi ambayo nimeipini folda yake ya RISITI. Siku nyingine pini inafunguka, siku nyingine inagoma inasema haipo, na flashi nimeichomeka naiona. Nikaipini tena, sasa nina RISITI tatu kushoto, moja inafanya kazi.

#25 FundiWaMoro

Kwako jibu liko kwenye herufi. Flashi ikichomekwa, Windows inaipa herufi, mara nyingi ile ya kwanza iliyo wazi. Asubuhi flashi ya bosi ikiingia peke yake inapata E:. Siku mteja ametangulia kuchomeka ya kwake, E: imechukuliwa, ya bosi inapata F:. Pini yako inakumbuka `E:\RISITI` tu, haijui flashi ya nani. Hapo bado umepata bahati kwamba inagoma. Kama flashi ya mteja ingekuwa na folda inayoitwa RISITI, ingefunguka ya mteja, nawe ungeandika humo.

Mpe bosi herufi yake. Chomeka flashi yake, bofya kulia kitufe cha Start, chagua `Disk Management`, bofya kulia juu ya flashi hiyo kule ndani, `Change Drive Letter and Paths`, kisha `Change`, mpe herufi ya mbali kama T:. Itakudai uwe na akaunti ya msimamizi wa kompyuta. Angalia ukubwa wake kwanza uwe na hakika ni flashi na siyo diski nyingine, na humo ndani usiguse kitu kingine chochote. Kompyuta hiyo itaikumbuka T: kila ikirudi. Halafu toa zile RISITI zote tatu, uipini moja kutoka T:.

Lakini kwa maoni yangu risiti za duka zisiishi kwenye flashi. Ziweke kwenye kompyuta, upini huko, flashi ibaki ya kubebea nakala.

#26 Kijana wa Steshenari

Bosi haamini kompyuta, anasema flashi analala nayo. Nitajaribu T:. Lakini kuna RISITI moja inakataa kutoka. Nabofya Unpin, haiondoki.

#27 FundiWaMoro

Chomeka kwanza kitu kitakachopata ile herufi ya zamani, jaribu Unpin tena. Mara nyingi inakubali. Ikigoma, tuisafishe orodha nzima. Andika majina ya pini zako zote kwenye karatasi, kwa sababu zitaondoka zote na utabaki na zile za kiwandani. Funga madirisha yote ya File Explorer, fungua Command Prompt, bandika hii:

```
del /f /q "%AppData%\Microsoft\Windows\Recent\AutomaticDestinations\f01b4d95cf55d32a.automaticDestinations-ms"
```

Kisha toka kwenye akaunti na uingie tena. Folda zako haziguswi, kinachofutwa ni faili linalohifadhi orodha ya pini. Faili hilo ni la akaunti moja, kwa hiyo kama mwenzako wa zamu ya jioni anaingia kwa akaunti yake, pini zake zipo kama alivyoziacha. Na kinyume chake ni kweli: ulizopini kwako yeye hazioni, inabidi umpinie kwake.

#28 Kijana wa Steshenari

Imekubali. RISITI iko moja, T:. Asante kaka mkubwa.

#29 Msimamizi_Kisumu

Fundi, hongera kwa uzi. Mimi niko kaunti, ofisi yetu ina folda ya pamoja kwenye seva. Nimewapinia wote folda hiyo, `\\SEVA\Kazi`, wanaipenda. Shida ni siku stima ikipotea chumba cha seva. Kompyuta zao za mpakato zinaendelea, lakini wakifungua File Explorer inakaa imeduwaa na maneno `Working on it...`, hata kama wanataka Documents zao tu. Nikitoa ile pini, inafunguka mara moja.

#30 FundiWaMoro

Mkuu, hiyo nimekutana nayo. File Explorer inafungukia kwenye Home au Quick access, na inajaribu kukagua kila kilichopiniwa kabla ya kukuonyesha. Seva ikiwa imelala, inasubiri jibu lisilokuja. Jaribu kwenye Options, pale juu palipoandikwa `Open File Explorer to`, uweke `This PC`. Kwangu ilipunguza kusubiri, ingawa upande wa kushoto bado pini ipo na mara moja moja inachelewa.

#31 Bandarini_Linux

Si afadhali aipe folda hiyo herufi ya mtandao, tuseme K:, halafu watu waifungue kutoka This PC badala ya kuipini?

#32 Msimamizi_Kisumu

Nimejaribu yote mawili leo kwenye mashine mbili. Ya `This PC` imesaidia kwa Windows 10, kwa Windows 11 bado inaduwaa, si kama mwanzo lakini inaduwaa. Ya K: inafunguka haraka, ila sasa wamerudi kuuliza folda iko wapi, maana haiko tena kwenye orodha yao ya kushoto juu, na wakisevu wanasahau kuteremka mpaka This PC. Kwa sasa nimewaachia pini walio karibu na seva, wa vituo vya mbali nimewapa K:. Aliye na njia ya kuiweka folda ya seva kwenye orodha ya juu bila kuduwaza mashine seva ikizima, naomba aiandike hapa.